Barua ya kumwomba mwenye nyumba ashushe bei: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nauza nyumba Dar es Salaam, zaidi upande wa Goba, Madale na Mbezi. Maswali haya naulizwa na madalali wenzangu wanaoanza kazi, na wakati mwingine na vijana waliokabidhiwa nyumba ya baba yao waiuze, wakashindwa kumwambia kwamba bei aliyotaja haiuziki. Majibu nitayatoa kwa kufuata nyumba moja ya Goba niliyoishughulikia mwenyewe: vyumba vinne, kiwanja cha mita za mraba 600, ina hati, iko ndani ya barabara ya vumbi. Mwenyewe alitaka milioni 380.

Kwa nini niandike barua wakati naweza kupiga simu?

Kwa sababu simu inataka jibu papo hapo, na jibu la papo hapo la mtu aliyejenga nyumba yake kwa jasho ni kuitetea. Akishatamka mbele yako "mimi chini ya mia tatu themanini siuzi", hilo limekuwa neno lake. Hata akija kuona ukweli wiki mbili baadaye, atalazimika kujirudi mbele ya kijana.

Barua anaisoma peke yake. Anaiweka, anairudia usiku. Anampa mke wake, anaipiga picha na kumtumia mtoto aliye Mwanza au Muscat. Uamuzi wa kuuza nyumba ya familia mara chache ni wa mtu mmoja, na kisheria pia si wa mmoja: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenza kabla ya kuuza nyumba ya wanandoa. Basi andika barua ambayo Mama anaweza kuisoma bila wewe kuwepo na akaielewa yote.

Simu ninayopiga ni moja tu, ya kuomba nafasi ya kwenda kumsalimia. Barua nampelekea mkononi, nakunywa chai, naondoka bila kuuliza "unasemaje?"

Niandike baada ya muda gani?

Usitazame kalenda peke yake, tazama mtiririko wa watu. Nyumba ya Goba ilitangazwa Februari. Mwezi huo walikuja kuiona watu 7, Machi wakaja 4, Aprili 2, Mei 1, na Juni hakuja mtu. Ukiona mteremko kama huo, maana yake wote waliokuwa wanatafuta nyumba ya aina ile kwa wakati ule wameshaiona na wameipita. Anayebaki ni yule anayeanza kutafuta leo, na huyo naye atailinganisha na zile zile.

Hata hivyo jiulize kwanza kama kosa ni bei kweli. Kama simu hazipigwi kabisa, huenda picha ni mbaya au tangazo halijasema kwamba kuna hati. Kama simu zinapigwa lakini watu hawafiki, huenda mlinzi hafungui geti, au ufunguo uko kwa shemeji Kibaha. Niliwahi kukaribia kuandika barua ya bei kwa nyumba ambayo kosa lake lilikuwa mlinzi: kila mgeni alikuwa anaambiwa "imeshauzwa". Barua ya bei inafaa pale watu wanapoiona nyumba vizuri, kisha hawatoi ofa, au wanatoa ofa iliyo mbali sana na bei.

Maoni ya watazamaji nayapataje, maana wote wanasema "nyumba nzuri, tutawasiliana"?

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo barua nyingi zinapokufa. Dalali anaandika "wateja wengi wanasema bei ni kubwa", na mwenye nyumba anajibu moyoni: wateja gani? Wangapi? Nani aliwauliza?

Mtu wetu hasemi ubaya wa nyumba akiwa ndani ya nyumba ya watu, hasa kama mwenyewe amesimama sebuleni. Atasifu madirisha, atashukuru kwa maji ya kunywa, atasema atarudi na mke wake. Maneno hayo ni adabu na usiyaandike kama maoni. Ukiyapeleka kwa mwenye nyumba kila jioni, utakuwa unamlisha matumaini ambayo baadaye utatakiwa kuyaondoa kwa barua.

Mimi napiga simu kesho yake, jioni, mtu akiwa ametulia. Siulizi "umeipendaje?" Nauliza mambo mawili. La kwanza: "Ungekuwa unaichukua wewe, ungeanza kurekebisha nini?" Hapo anafunguka, kwa sababu anazungumzia nyumba yake ya kesho badala ya kuisema nyumba ya mtu. La pili: "Umeona nyumba nyingine wiki hii? Hii unaiweka wapi?" Jibu la swali hili lina thamani kubwa kuliko "bei iko juu", kwa kuwa kila mtu husema bei iko juu, hata anayejiandaa kulipa.

Kisha naandika kwenye daftari maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Jina na namba yake vinabaki kwangu, haviendi kwa mwenye nyumba. Na baada ya miezi miwili napiga tena kwa kila mmoja: "Ulipata nyumba?" Simu hii ya pili wengi hawaipigi, ilhali ndiyo inayoleta ushahidi mzito kuliko wote.

Katika watu 14 walioiona nyumba ya Goba, 9 walitaja bei, 6 walitaja barabara, na 5 walitaja ukuta wa chumba cha nyuma wenye unyevu. Wawili walitoa ofa, milioni 240 na milioni 255. Na nilipowapigia tena, watatu walikuwa wameshanunua kwingine, Madale na Tegeta, wote kwa chini ya milioni 290. Hao watatu walikuwa na pesa, walikuwa wananunua kweli, waliingia ndani ya nyumba yake, kisha wakaenda kulipa mahali pengine. Hakuna maneno yangu yanayoweza kumfikia mwenye nyumba kama habari hiyo.

Bei ninazoziona Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp si ushahidi?

Ni ushahidi wa kile ambacho wauzaji wenzake wanatamani. Mwenye nyumba wa Goba alikuwa na picha tano kwenye simu yake za nyumba za milioni 400 na zaidi. Nikamwambia mbili kati ya hizo nazijua, zina zaidi ya mwaka sokoni. Bei ya tangazo inakuwa na maana pale tu unapojua iliishia wapi.

Bei ya kweli ya mauzo kwetu inapatikana kwa miguu. Mikataba mingine huandikwa pungufu kwa ajili ya kodi, kwa hiyo karatasi pekee haitoshi. Namuuliza dalali aliyefunga biashara, kisha nikipata nafasi namuuliza mnunuzi, ambaye kwa kawaida hana sababu ya kuficha akishahamia. Majibu mawili yakikaribiana, naichukua bei hiyo. Yakipishana sana, naiacha nyumba hiyo nje ya barua.

Kwa Goba nilipata nyumba tatu zilizouzwa kati ya Januari na Mei. Hakuna iliyofanana na yake moja kwa moja, na hapo inabidi upige hesabu mbele ya macho yake. Nitaeleza moja kwa kina. Nyumba ya kwanza ilikuwa na vyumba vinne kama yake, kiwanja mita 650, karibu na lami, iliuzwa milioni 310. Viwanja vya karibu na lami vilikuwa vinauzwa kama 120,000 kwa mita, ndani kwenye vumbi kama 80,000. Kwa hiyo ardhi ya nyumba ile peke yake ni milioni 78, na ardhi yake yeye ni milioni 48. Tofauti ni milioni 30. Ukiitoa, nyumba ile ingekuwa mahali pa nyumba yake ingeuzwa kama milioni 280.

Ya pili ilikuwa kwenye vumbi kama yake, lakini vyumba vitatu na mita 500, iliuzwa milioni 235. Nikaongeza milioni 8 za ardhi na kama 20 za chumba kinachopungua, ikafika 263. Ya tatu ililingana naye kwa vyumba na ukubwa, ila haikuwa na hati, ilikuwa na mkataba wa serikali ya mtaa tu, na iliuzwa milioni 230. Hati nikaipa milioni 35, kwa sababu ya gharama za upimaji, muda wa kusubiri, na kwamba bila hati mnunuzi wa mkopo wa benki hawezi kuja kabisa. Hapo ni 265.

Hizo 20 na 35 ni makadirio yangu, na kwenye barua nilisema wazi kwamba ni makadirio. Ukiyaficha, mtoto wake mhasibu atayaona, na barua yote itaanguka.

Na kama hakuna nyumba zilizouzwa jirani?

Tumia kodi ya pango. Nyumba ya namna ile ilikuwa inapangishwa laki tisa kwa mwezi, yaani milioni 10.8 kwa mwaka. Kwa bei ya milioni 380, mnunuzi angehitaji miaka 35 ya kodi bila kutoa hata ya rangi. Si kipimo cha kupanga bei, lakini kinamsaidia mwenye nyumba kuona kwa jicho la mtu anayetoa pesa.

Akisema "mimi nimeijenga kwa milioni 350, niuze kwa hasara?"

Usibishane na namba yake. Huenda ni ya kweli. Alijenga kidogo kidogo kwa miaka minane, akabomoa ngazi mara mbili, akaibiwa nondo, akalipa fundi aliyekimbia. Yote hayo yametoka mfukoni mwake na yanamuuma. Lakini mnunuzi anahesabu kitu kingine: angenunua kiwanja jirani leo na kujenga nyumba ile ile bila makosa yale, angetumia kiasi gani? Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo maumivu ya mwenye nyumba, na hakuna mnunuzi atakayeyalipia.

Kwenye barua nagusa jambo hili kwa sentensi moja ya heshima, kisha naendelea. Ukiandika aya nzima ya kumfundisha kwamba gharama si thamani, atasoma kwamba unamwona mjinga.

Barua yenyewe inakaaje?

Ukurasa mmoja, na karatasi ya pili yenye orodha ya tarehe na maneno ya watazamaji. Hii ndiyo niliyompelekea, nimeondoa tu yanayomtambulisha:

> Mzee wangu, shikamoo.
>
> Natumaini wewe na Mama mko salama. Naandika kuhusu nyumba ya Goba uliyonikabidhi mwezi wa pili. Nimeona niweke kwenye maandishi ili muisome kwa nafasi na familia.
>
> Tangu Februari nyumba imeonwa na watu 14. Februari walikuja 7, Machi 4, Aprili 2, Mei 1. Najua masika yaliharibu barabara, na wawili walikwama kwenye tope. Lakini Juni barabara imekauka na hajaja mtu.
>
> Wote niliwapigia siku iliyofuata. Walisifu mpangilio wa vyumba, kisima na hati yenye jina lako. Tisa walisema bei, sita barabara, watano unyevu wa chumba cha nyuma. Maneno yao yako karatasi ya pili. Ofa zilikuwa mbili, milioni 240 na milioni 255, nawe ulizikataa. Mimi pia naona zilikuwa chini.
>
> Lililonifanya niandike ni hili: watatu kati ya hao 14 wameshanunua, Madale na Tegeta, kila mmoja chini ya milioni 290. Wanunuzi wetu wapo na wanalipa, ila wanalipa kwingine.
>
> Nimefuatilia nyumba tatu za jirani zilizouzwa mwaka huu. Nikizilinganisha na yako kwa ardhi, vyumba, barabara na hati, zinatoa kati ya milioni 263 na milioni 280. Hesabu yake iko nyuma ya karatasi hii, na mahali nilipokadiria nimesema. Nyumba hizo nitakupeleka uzione kwa nje ukipenda.
>
> Najua uliyotumia kujenga ni zaidi ya hapo, na ubora wa kazi unaonekana. Soko la mwaka huu halijafika huko.
>
> Ninaomba mambo mawili. Bei ya tangazo iwe milioni 290 kuanzia tarehe 15 Julai, tukitegemea kufunga kwenye 270 na kitu. Na fundi bomba aangalie bomba la tangi juu ya chumba cha nyuma kabla hatujapiga picha mpya.
>
> Udalali wetu ni asilimia 5. Kwa bei hii ninapoteza milioni 4.5 kulinganisha na ile ya mwanzo. Ofa yoyote itakayokuja utaisikia kutoka kwa mnunuzi mwenyewe, mkiwa mmekaa.
>
> Nitapita Jumamosi ijayo kuwasalimia. Tutazungumza mkiwa tayari.
>
> Kijana wako.

Angalia kwamba masika nimeyataja mimi kabla hajayataja yeye. Sababu yoyote ya kweli inayomtetea, iweke mwenyewe kwenye barua na uipe uzito wake, kisha uonyeshe inaishia wapi. Angalia pia kwamba unyevu nimeutenganisha na barabara. Unyevu unatengenezeka, kwa hiyo nimeombea fundi. Barabara hana uwezo nayo, kwa hiyo imeingia kwenye bei.

Kwa nini 290 badala ya kushusha kidogo kidogo?

Mnunuzi wa nyumba za kiwango hiki anakwambia bajeti yake kwa namba za mviringo: "nina mia tatu". Nyumba ya 380 haonyeshwi, wala ya 360, wala ya 340. Ukishusha milioni 20 mara tatu, umepoteza milioni 60 bila kumfikia mtu mpya hata mmoja. Tena wale waliokwisha kuiona wanaanza kusubiri, maana bei inayoteremka kila mwezi inamwambia mnunuzi avumilie mwezi mmoja zaidi.

Juu ya makadirio ya 263 hadi 280 niliacha nafasi ndogo ya mazungumzo, kwa kuwa kwetu hakuna anayelipa bei ya kwanza. Nafasi ikizidi sana, tunarudi kule kule kwa mtu kutokuja kabisa.

Akihisi nimekula njama na mnunuzi, au natafuta cha juu?

Ana haki ya kuhisi. Wapo wanaomwambia mwenye nyumba milioni 250 na mnunuzi milioni 280, wakabaki na 30. Mwenye nyumba yeyote wa Dar amelisikia hilo. Kwa hiyo usisubiri aulize. Andika udalali wako kwa asilimia na kwa shilingi, na ahidi kwamba ataketi na mnunuzi uso kwa uso. Na kama ofa ya chini inatoka kwa ndugu yako au rafiki, iseme kwenye barua, au iache kabisa.

Niambatishe ripoti ya mthamini?

Ikiwa ameilipia mwenye nyumba, ndiyo, mradi mthamini awe amesajiliwa. Tazama imeandikwa kwa kusudi gani, kwa sababu ripoti ya benki huwa na thamani mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka, na hii ya pili iko chini. Ukiichomoa hiyo ya chini ili umtishe, umemdanganya. Na ripoti iliyolipiwa na mnunuzi kwa ajili ya mkopo wake si yako kuisambaza bila ruhusa yake.

Mweleze pia kwamba mnunuzi wa mkopo hakopeshwi juu ya thamani ya mthamini. Bei ikizidi hapo, tofauti yote anatakiwa atoe taslimu, na wengi hawana.

Akikataa?

Muulize anahitaji kuona nini ndipo abadili mawazo, kisha mkubaliane tarehe. Kama ni "nipe miezi miwili zaidi kwa bei yangu", mpe, endelea kuandika daftari, na umpelekee karatasi ya pili ikiwa na tarehe mpya. Barua ya pili isirudie hoja, ilete tu yaliyotokea tangu ile ya kwanza. Kama hakuna haraka ya kuuza na ana mpangaji mzuri, huenda yuko sahihi kusubiri, na ni heri umwambie hivyo.

Mzee wa Goba alikaa kimya siku kumi na moja. Jumamosi ile nilipopita tulizungumza habari za mpira tu. Kisha akapiga simu Mama, si yeye, akaniuliza nyumba ya karibu na lami ni ipi. Niliwapeleka wote wawili. Mzee alisimama nje ya geti, akahesabu hatua hadi lami, akasema, "Hapa ni karibu kweli." Tukakubaliana 295, maana 290 ilimkataa mdomoni. Fundi alikuta bomba la tangi linavuja, akalitengeneza, ukuta ukapakwa rangi baada ya kukauka. Wiki sita baadaye nyumba iliuzwa milioni 274, kwa mtu aliyekuwa ameiona Machi.